Geji ya presha na pampu ya mkono: kwa nini mshale hausomi sawa ukipanda na ukishuka

Mwongozo huu umeandikwa kwa mafundi wa matengenezo wanaotakiwa kupima usahihi wa geji za presha za mshale karakanani, kwa pampu ya mkono na geji ya rejea ya kidijitali. Mfano tutakaoufuata ni wa geji ya boila ya mvuke ya aina inayopatikana kwenye viwanda vya chai vya Mufindi au Kericho: uso wa milimita 100, skeli ya 0 hadi 16 bar, mistari kila 0.5 bar, daraja la usahihi 1.6, na boila yenyewe inafanya kazi kwenye bar 10. Geji ya kompresa ya hewa au ya pampu ya maji hupimwa kwa utaratibu huohuo, ikibadilika namba tu.

Mkazo wa mwongozo huu uko kwenye nusu ya pili ya kazi, yaani kushuka. Mafundi wengi hupandisha presha hatua kwa hatua kwa uangalifu mkubwa, wakifika juu hufungua valvu ya kutolea hewa, mshale unarudi chini kwa kishindo, na karatasi inasainiwa. Geji iliyopimwa hivyo imepimwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoonyesha uchakavu.

Kinachotokea ndani ya geji

Ndani ya geji mna bomba bapa la shaba nyeusi au la chuma kisichoshika kutu, lililokunjwa kama herufi C. Ni muundo aliousajili Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, na haujabadilika sana tangu hapo. Presha ikiingia, bomba linajaribu kujinyoosha na ncha yake iliyozibwa inasogea milimita chache. Kiungo kidogo kinaivuta gia yenye umbo la kipande cha duara, gia hiyo inazungusha gia ndogo ya katikati, na gia ndogo inazungusha mshale. Springi nyembamba kama unywele imezungushwa kwenye mhimili wa gia ndogo ili meno yaegemee upande mmoja wakati wote, mshale usicheze ovyo.

Mwendo huo una vyanzo viwili vya tofauti kati ya kupanda na kushuka, na ni lazima uvitenganishe kichwani kabla hujagusa pampu.

Cha kwanza ni chuma chenyewe. Bomba lililonyooshwa hadi mwisho halirudi kwa njia ileile liliyokwenda; wakati wa kurudi linabaki limefunguka kidogo kuliko lilivyokuwa kwenye presha hiyohiyo wakati wa kupanda. Kwa hiyo wakati wa kushuka geji huonyesha zaidi ya presha halisi. Hiyo ndiyo histeresisi hasa. Pengo lake huwa pana maeneo ya katikati ya skeli, na hupungua kadiri unavyokaribia kilele, kwa sababu kileleni safari mbili zinakutana.

Cha pili ni msuguano na ulegevu wa viungo na gia. Mshale unakwama kidogo nyuma ya mahali unapostahili kuwa: ukipanda unasoma pungufu, ukishuka unasoma zaidi. Kwenye karatasi, pengo hili linafanana kabisa na lile la chuma. Ila ukigonga geji kwa ncha ya kidole, msuguano unaachia na mshale unaruka. Chuma hakijali kugongwa.

Vifaa na maandalizi

Kwa bar 16 pampu ya mkono ya hewa inatosha. Nyingi zinafika bar 35 hivi bila kukuchosha. Pampu ya mafuta au ya maji waachie watu wa mamia ya bar. Pampu iwe na vitu vitatu vinavyofanya kazi: mpini wa kusukumia, valvu ya kutolea hewa inayofunguka taratibu, na skrubu ya kurekebishia presha kidogokidogo. Skrubu hiyo husogeza pistoni ndogo. Ukiikaza presha inapanda, ukiilegeza inashuka. Ukiona pampu ambayo skrubu yake imekwama na fundi anasema anatumia mpini peke yake, usianze kazi. Kwa mpini peke yake hutaweza kuusimamisha mshale juu ya mstari bila kuupita.

Geji ya rejea iwe na cheti cha ugezi kilicho hai, kutoka maabara inayotambulika, kama vile ya TBS au KEBS au maabara binafsi yenye ithibati ya SADCAS au KENAS. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba kosa la rejea lisizidi robo ya kosa linaloruhusiwa kwa geji inayopimwa. Piga hesabu: daraja 1.6 maana yake ni asilimia 1.6 ya skeli nzima, na asilimia 1.6 ya bar 16 ni 0.256 bar. Robo yake ni 0.064. Rejea ya kidijitali ya bar 20 yenye usahihi wa asilimia 0.05 ya skeli yake ina kosa la 0.01 bar, kwa hiyo tuko salama kwa mbali. Angalia pia kwamba asilimia inahesabiwa kwenye skeli nzima, mahali popote mshale ulipo. Kosa la 0.25 bar linaruhusiwa kwenye bar 16 na vilevile kwenye bar 2, ingawa pale chini ni kosa kubwa sana kwa anayeisoma.

Geji ya boila isifunguliwe kabla valvu yake haijafungwa na kutundikwa kufuli, presha iliyobaki kwenye bomba la geji ikatolewa, na koili ya maji iliyo chini ya geji ikapoa. Geji iliyotoka kwenye mvuke ina maji ndani ya lile bomba la C. Igeuze mdomo chini, itikise, iache imwage. La sivyo maji hayo yataingia kwenye pampu yako ya hewa. Kisha iache geji mezani saa chache ifikie joto la chumba. Kiwango cha Ulaya EN 837-1, kinachofuatwa na watengenezaji wengi, kinachukua nyuzi 20 za Selsiasi kama joto la msingi, na kila nyuzi moja ya tofauti inaruhusu kosa la ziada la asilimia 0.04 ya skeli. Karakana yenye nyuzi 30 ina ziada ya asilimia 0.4. Andika joto la chumba kwenye karatasi.

Jambo moja linalohusu hasa maeneo ya milimani. Geji iliyojazwa gliserini, na kasha lake limezibwa kabisa, hubeba ndani yake presha ya hewa ya mahali lilipozibwa. Ikitoka Dar es Salaam ikapelekwa Mufindi, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje imepungua kwa karibu 0.2 bar lakini ile iliyo ndani ya kasha iko palepale, inalibana bomba la C kutoka nje, na geji inasoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Kwa geji yetu ya mfano hiyo ingekula karibu posho yote ya kosa. Fungua kile kizibo cha mpira juu ya kasha kabla ya kupima. Geji kavu yenye tundu la kupumulia haina tatizo hili.

Onyo la mwisho kabla ya kuunganisha: geji ya oksijeni, ya kulehemu au ya hospitali, isiguswe kamwe na pampu iliyowahi kutiwa mafuta. Mafuta na oksijeni yenye presha hulipuka. Hiyo iwe na pampu yake peke yake, iliyoandikwa.

Kuunganisha na kutafuta uvujaji

Simamisha geji wima kama itakavyosimama kwenye boila. Uzi wa G 1/2 hauzibi kwa uzi wenyewe, unaziba kwa washa ya shaba inayokaa chini ya shina; tepu ya tefloni hapo haisaidii kitu. Uzi wa NPT, ambao ni mwembamba mbele na mnene nyuma, ndio unaohitaji tepu. Shika shina kwa spana. Ukikaza kwa kushika kasha unazungusha mashine ya ndani, na unakuwa umeiharibu geji uliyotaka kuipima.

Panda hadi bar 16, funga, subiri. Namba ya rejea itashuka, nawe utadhani kuna uvujaji. Mara nyingi si uvujaji: hewa iliyoshindiliwa kwa haraka ilipata joto, na sasa inapoa. Itazame kwa dakika mbili. Mshuko wa kupoa unaanza kwa kasi, unapungua, kisha unasimama. Mshuko wa uvujaji unaendelea kwa mwendo uleule, dakika ya pili kama ya kwanza. Ukiwa wa pili, paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuendelea, maana huwezi kusoma presha inayokimbia.

Kupanda huko kwa mwanzo kuna kazi nyingine pia: kunalinyoosha bomba lililolala. Rudisha presha hadi sifuri na usubiri dakika moja kabla ya kuanza kuandika. Geji nyingi za daraja hili zina kijiti kidogo kinachouzuia mshale usirudi chini ya sifuri, na mshale ulioegemea kijiti unaweza kuwa unaficha kosa la sifuri. Kwa hiyo panda polepole sana ukitazama mshale, na uandike namba ya rejea pale mshale unapoachana na kijiti. Ni kwa sababu ya kijiti hicho EN 837-1 inahesabu daraja la usahihi kuanzia asilimia 10 ya skeli kwa geji za aina hii. Kwetu hiyo ni bar 1.6, ndiyo maana nukta yetu ya chini itakuwa bar 2.

Kupanda

Chagua nukta tano zilizotawanyika kwenye skeli, na moja iwe pale geji inapofanyia kazi: 2, 6, 10, 14 na 16 bar. Njia bora kwa geji ya mshale ni kuuweka mshale wake juu ya mstari kamili, kisha kusoma rejea. Ukifanya kinyume, ukiweka rejea kwenye 10.00, utalazimika kukisia mshale uko wapi kati ya mistari miwili yenye nusu bar kati yake, na makisio hayo yatakuwa makubwa kuliko kosa unalolitafuta.

Sukuma mpini hadi mshale ubaki nyuma ya mstari kwa robo ya nafasi hivi. Acha mpini. Gonga kioo kidogo kwa ukucha, kama unavyojaribu yai. Sasa malizia kwa skrubu, ukikaza taratibu, jicho likiwa mbele ya uso wa geji moja kwa moja, hadi mshale uufunike mstari. Gonga tena. Ukihitaji kusogeza, kaza, usilegeze. Subiri nusu dakika, thibitisha mshale haujahama, andika namba ya rejea.

Sharti ambalo halina msamaha ni hili: wakati wa kupanda presha ipande tu. Ukipita mstari kisha ukarudi nyuma kwa skrubu, bomba limeanza safari ya kushuka, na namba utakayoandika si ya kupanda wala ya kushuka. Ukiupita kwa mbali, toa hewa hadi sifuri na uje tena kutoka chini. Ukiupita kwa unywele tu, mimi hupendelea kuuacha hapo, kukisia ulipo, na kuandika pembeni kwamba umekisiwa. Namba iliyokisiwa kwa uwazi ina faida kuliko namba safi iliyopatikana kwa kurudi nyuma.

Ukifika 16 usiendelee. Funga, kaa dakika mbili, kisha andika. Bomba linaendelea kunyooka kidogo likiwa limebanwa, na ukianza kushuka mara moja pengo lako litategemea haraka yako badala ya kutegemea geji.

Kushuka

Hapa ndipo mikono inapotofautiana. Ukishuka, presha ishuke tu. Fungua valvu ya kutolea hewa kwa kiasi cha kusikia mluzi mwembamba na uifunge wakati mshale bado uko juu ya mstari wa 14 kwa robo ya nafasi. Gonga. Malizia kwa kulegeza skrubu.

Tatizo la kiutendaji ni skrubu yenyewe. Kila nukta inakula sehemu ya mwendo wake, na ukifika katikati unaweza kukuta imelegea hadi mwisho. Ukiikaza upate nafasi, presha inapanda na umeharibu mfululizo. Kwa hiyo panga mapema: fika 16 skrubu ikiwa imeingia karibu yote, na kwenye kushuka fanya sehemu kubwa ya kazi kwa valvu, skrubu iguswe kidogo tu mwishoni. Ikikuishia kabisa, fungua valvu kidogo wakati unaikaza polepole, ili hewa inayotoka izidi ile inayosukumwa, na macho yasiondoke kwenye namba ya rejea: isipande hata mara moja. Ukizidisha mshuko ukapita mstari kwa mbali, dawa ni kurudi 16, kukaa dakika mbili, na kushuka upya.

Karatasi ya mfano

Kosa ni usomaji wa geji kutoa usomaji wa rejea. Namba chanya maana yake geji inaonyesha zaidi ya ukweli. Hizi hapa ni namba za mfano wetu, zote baada ya kugonga, kwa bar:

| Geji | Rejea, kupanda | Kosa | Rejea, kushuka | Kosa | Pengo |
|---|---|---|---|---|---|
| 2 | 1.94 | +0.06 | 1.88 | +0.12 | 0.06 |
| 6 | 5.95 | +0.05 | 5.80 | +0.20 | 0.15 |
| 10 | 9.96 | +0.04 | 9.78 | +0.22 | 0.18 |
| 14 | 13.95 | +0.05 | 13.84 | +0.16 | 0.11 |
| 16 | 15.94 | +0.06 | – | – | – |

Tazama kwanza safu ya kupanda peke yake. Makosa yote yako kati ya 0.04 na 0.06. Kwa geji yenye posho ya 0.256 huo ni usomaji mzuri mno. Fundi aliyeishia hapo angeweka lebo ya kijani bila kusita. Safu ya kushuka inasimulia habari nyingine. Kwenye bar 10, mahali geji inapofanyia kazi kila siku, presha halisi ni 9.78 wakati mshale unasema 10.

Sasa hukumu. EN 837-1 inataka kila kosa, la kupanda na la kushuka, lisizidi 0.256, na pengo nalo lisizidi kiasi hichohicho. Kosa kubwa ni 0.22, pengo kubwa ni 0.18, ambalo ni asilimia 1.1 ya skeli. Kwa hesabu kavu geji imefaulu. Lakini kuna swali la jicho: unapouweka mshale juu ya mstari kwenye uso wa milimita 100, kutokuwa na uhakika kwa 0.05 bar ni jambo la kawaida, hata kwa mtu makini. Kosa la 0.22 pamoja na mashaka ya 0.05 linafika 0.27, nje ya posho. Huwezi kusema kwa uhakika kwamba imefaulu, wala kwamba imefeli. Maabara zina kanuni za kuamua hali ya namna hii. Karakanani, kwa geji ya boila, mimi siirudishi mahali pake kabla ya kujua pengo linatoka wapi.

Katika hali hii kuna kishawishi kimoja cha kukataa: kuchukua wastani wa kupanda na kushuka. Kwenye bar 10 wastani ungekuwa 0.13, namba ya heshima kabisa, na hauelezi hali yoyote ambayo geji imewahi kuwa nayo. Msimamizi wa zamu akiuliza, "Fundi, sasa nikiona kumi ni kumi kweli?", jibu la kweli lina sehemu mbili: presha ikiwa inapanda, karibu sana, ikiwa inashuka, ni 9.8 hivi. Andika safu zote mbili kwenye karatasi na uziache hivyo.

Kutafuta chanzo cha pengo

Rudia safari nzima mara moja bila kugonga kabisa. Tuseme safari hii, kwenye 10 ya kushuka, rejea inasoma 9.70 badala ya 9.78, na kwenye 10 ya kupanda inasoma 10.03 badala ya 9.96. Bila kugonga pengo limekuwa 0.33, kwa kugonga lilikuwa 0.18. Tofauti ya 0.15 ni msuguano. Ni nyingi, na geji iliyo kwenye boila inayotulia haina wa kuigonga, kwa hiyo namba inayoonekana na mwendesha boila iko karibu na ile ya bila kugonga. Hili pekee linatosha kuitoa kazini hadi itengenezwe.

Fungua kasha ukiwa na taa. Anza na ile springi ya unywele: mizunguko yake iwe na nafasi sawa, isigusane, isiwe na mafuta. Springi iliyonata au kujikunja inaacha meno ya gia yacheze, nao ulegevu huo unaingia moja kwa moja kwenye pengo. Kisha meno yenyewe. Boila inayokaa bar 10 miezi na miezi, pampu ya maji ikitetemesha bomba, husaga meno mawili au matatu yaleyale. Ukiusogeza mshale taratibu kwa presha utaona mng'aro pale meno yalipolika, na mshale unacheza hapo na kutulia kwingine. Pengo lililosimama juu hasa kwenye nukta ya kazi ni ishara ya hali hii, ingawa kwa geji yetu nukta ya kazi iko karibu na katikati, ambako hata pengo la chuma huwa pana. Ndiyo maana kugonga na kutogonga kunahitajika ili kuamua.

Vumbi na mafuta makavu husafishwa, springi iliyonata huoshwa kwa spiriti na kukaushwa. Meno yaliyolika hayana tiba ya karakanani. Kwa bei ya geji za daraja 1.6, badilisha geji. Na pengo linalobaki palepale hata baada ya kusafisha, ukigonga usigonge, ni la bomba. Hilo mara nyingi hutokana na geji kuwahi kupelekwa juu ya skeli yake au kupikwa na mvuke uliopita koili isiyo na maji. Hakuna skrubu inayoliondoa. Kuhamisha mshale husogeza safu zote mbili pamoja. Kusogeza kiungo kwenye mfuo wa gia hubadilisha mteremko wa safu zote mbili pamoja. Pengo kati yake linabaki lilivyo. Ukimwona mtu "anarekebisha" histeresisi kwa kuuvuta mshale nyuma 0.1, jua anagawa kosa ili lionekane dogo pande zote mbili.

Baada ya marekebisho yoyote, hata ya kuosha tu, safari ya kupanda na kushuka ianze upya, na karatasi ya kwanza isitupwe. Namba za kabla na za baada zote ni sehemu ya kumbukumbu, na za kabla ndizo zitakazokuambia kama miezi 12 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine ni mingi mno kwa geji ile.

Kuirudisha kwenye boila

Jaza koili maji kwa mkono kabla ya kufungua valvu, mvuke usifike kwenye bomba la C. Pima pia umbali wa wima kutoka geji hadi mahali presha inapochukuliwa. Kila mita ya maji yaliyosimama kwenye bomba ni karibu 0.1 bar, geji iliyoshushwa mita 1.5 ili mwendesha boila aisome kwa urahisi itaonyesha 0.15 bar zaidi, hata kama mezani ilikuwa kamilifu. Usihamishe mshale kufidia hilo, kwa sababu mwakani fundi mwingine ataipima mezani na kuikuta na kosa asilojua limetoka wapi. Andika kwenye lebo, chini ya tarehe na namba ya karatasi ya vipimo: "Toa 0.15 bar, maji ya bomba."